Toleo Lipi Bora? Picha Moja ya Bel-Air na Kazi ya Maski

Picha za familia zinazopelekwa kwa wapiga picha wa Bel-Air, katika komine ya Kampemba mjini Lubumbashi, mara nyingi hufika zikiwa zimechoka. Zimekaa miaka mingi ndani ya sanduku au katikati ya kitabu, zimehama nyumba pamoja na wenyewe, zimelowa masika moja au mawili. Anayezileta hataki maajabu. Anataka mkunjo uondoke, doa la maji lifutike, na picha ichapwe upya kwa ukubwa unaofaa kutundikwa sebuleni au kuwekwa mezani siku ya matanga.

Tuchukue picha moja ya aina hiyo iwe mfano wa uchambuzi huu wote. Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe, sentimita 9 kwa 13. Mwanamume mwenye sare ya mgodini amesimama mbele ya nyumba ya matofali, kofia ngumu ameishika mkononi. Kulia kwake katika picha yupo mkewe, amevaa kitenge na kilemba. Kushoto, mtoto mdogo mwenye ndara. Mkunjo umeikata picha mshazari kutoka juu kulia: umepita kwenye kilemba cha mama, ukashuka juu ya mkono wa baba, ukaishia chini kushoto, ambako maji yamekula udongo pamoja na mguu mmoja wa mtoto.

Zamani fundi angekaa na brashi siku kadhaa. Leo anaipakia picha kwenye zana ya akili mnemba, anaandika agizo fupi, na baada ya muda mfupi anapata toleo lililotengenezwa. Akirudia agizo lilelile anapata toleo jingine, tena jingine. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kwa sababu matoleo hayo hayafanani. Akiwaonyesha wenye picha, mmoja atapenda udongo wa toleo la kwanza, mwingine atasema mkono wa la pili ndio ulivyokuwa, na binti wa mwanamume huyo, ambaye sasa ni marehemu, anaweza kuangalia toleo linalong'aa kuliko yote na kusema: "Ule haiko papa."

Swali la kuuliza toleo lipi ni bora linaonekana la kawaida, lakini linampotosha fundi tangu mwanzo. Linadhani kwamba toleo moja litashinda kila mahali. Kwa namna zana hizi zinavyofanya kazi, hilo hutokea kwa nadra sana. Swali lenye faida ni hili: kwa kila sehemu ya picha, ni toleo gani lenye haki ya kuonekana? Na katika ushindani huo picha ya asili nayo ni mshindani, tena mwenye nguvu kuliko wote.

Tofauti za matoleo zina chanzo kinachojulikana. Zana nyingi za kuzalisha picha huanza na vurugu tupu ya nukta zilizotawanyika kwa bahati, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka zipate sura. Vurugu hiyo hutokana na namba ambayo kwenye skrini za programu kama Stable Diffusion huandikwa `seed`. Namba ikibadilika, safari nzima hubadilika. Zana haimjui baba wa picha hii wala mkono wake. Inachojua ni mikono mingi iliyoiona wakati wa kufundishwa, na kila safari inachora mkono mmoja unaoweza kuwapo. Matoleo manne, basi, ni makisio manne yaliyofanywa kwa kujitegemea. Moja likibahatisha vidole, bahati hiyo haina uhusiano wowote na udongo ulioko sentimita tano chini yake. Ndiyo maana toleo lenye vidole sahihi linaweza kuwa na udongo mbovu, na lenye udongo mzuri likawa na vidole sita.

Wapiga picha walikumbana na tatizo la namna hii zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Katika miaka ya 1850 sahani za kioo zilizotumika kupigia picha ziliathirika zaidi na mwanga wa buluu; ukipata bahari vizuri, anga liliungua likawa jeupe. Mfaransa Gustave Le Gray alipiga bahari kwenye sahani moja na anga kwenye nyingine, kisha akachapa zote mbili kwenye karatasi moja, mpaka wa maungano akiupitisha kwenye upeo wa macho, mahali ambapo jicho lenyewe linategemea kuona mstari. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha sahani zaidi ya 30 katika picha moja kubwa. Kila sahani ilichangia kile ilichokifanya vizuri, na sehemu nyingine zote zikafunikwa wakati wa kuchapa. Maski ya kompyuta imerithi kazi hiyohiyo ya kufunika.

Lubumbashi kwenyewe kuna mfano wa karibu zaidi. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, katika mfululizo wake uitwao Mémoire aliwachukua watu wa picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni, wengi wao wafanyakazi wa migodi, akawaweka juu ya picha zake mpya za mitambo iliyochakaa. Katika kazi zile mpaka kati ya vipande unaonekana waziwazi, watu wakiwa na rangi ya picha za zamani na mitambo ikiwa na rangi ya leo, kwa sababu msanii alitaka mtazamaji aone nyakati mbili zikikutana. Fundi wa picha ya familia anashika ufundi uleule wa kuunganisha, ila lengo lake ni kinyume: mpaka usionekane kabisa. Ndiyo maana anawajibika zaidi kuchunga nini kimetoka wapi, maana mtazamaji wake hatakuwa na njia ya kujua.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima kujua aina ya zana inayotumika, kwa sababu zana hizi ziko za namna mbili na zinaharibu kwa njia tofauti.

Aina ya kwanza hubadilisha tu eneo lililozungushiwa alama. Mfano unaojulikana sana ni Generative Fill ya Photoshop, iliyotolewa kwa majaribio mwezi Mei 2023. Fundi anachora eneo, anaandika agizo au anaacha wazi, na programu inamletea matoleo matatu yanayopangwa kwenye kidirisha cha `Properties`. Matokeo yanakaa kwenye tabaka lake lenyewe likiwa na maski tayari, na picha ya chini haiguswi. Udhaifu wake ni ukubwa. Katika miaka yake ya mwanzo, kila kipande kilizalishwa kwa upeo wa pikseli 1024 kwa upande. Eneo likiwa kubwa zaidi, kipande kilivutwa mpaka kijaze, kikawa laini na chenye ukungu kuliko picha iliyokizunguka.

Picha yetu ya sentimita 9 kwa 13, ikiskaniwa kwa kiwango cha nukta 600 kwa inchi, inatoa takriban pikseli 2100 kwa 3100. Mkunjo ni mwembamba, lakini kwa kuwa umepita mshazari, mstatili unaouzunguka ni karibu picha nzima. Fundi akiuchagua wote kwa mara moja, anaiomba zana itengeneze eneo la pikseli elfu tatu kwa uwezo wa elfu moja. Tiba yake ni kuukata mkunjo vipande, kila kimoja kisizidi pikseli 1000 kwa upande, na kuvitengeneza kimoja baada ya kingine, mwisho wa kimoja ukipandana kidogo na mwanzo wa kinachofuata.

Aina ya pili hupokea picha nzima pamoja na agizo la maneno, kisha hurudisha picha nzima. Gemini 2.5 Flash Image ya Google, iliyotoka Agosti 2025, ni ya kundi hili, na FLUX.1 Kontext ya Black Forest Labs pia. Hizi huelewa agizo vizuri zaidi: ukisema ondoa mkunjo na doa, usiguse kingine, kwa macho ya haraka inaonekana zimetii. Ukweli ni kwamba zimechora upya kila pikseli. Uso ambao haukuwa na kasoro umepita kwenye mashine kama ulivyopita mguu uliokosekana. Zaidi ya hapo, picha iliyorudi ina jumla ya pikseli kiasi cha milioni moja, wakati iliyopelekwa ilikuwa na zaidi ya milioni sita. Chembechembe za filamu, nyuzi za kitambaa na mikunjo midogo ya macho vimepotea njiani.

Kwa kazi ya Bel-Air aina hii ya pili ina mvuto mkubwa, kwani inafanya kazi hata kwenye simu na haidai kompyuta yenye nguvu. Basi tuseme fundi wetu ameitumia. Amepeleka agizo moja mara nne na kupata matoleo A, B, C na D. Picha iliyoskaniwa tutaiita Asili.

Akiyapitia kwenye simu moja baada ya jingine atachagua kwa hisia, na hisia hupenda kinachong'aa. Toleo lenye mwanga mwingi na ngozi laini hushinda hata kama limembadilisha mtu. Kulinganisha kwa haki kunaanza kwa kuyaweka yote katika faili moja, kila toleo kwenye tabaka lake juu ya Asili, yakiwa yamekuzwa kufikia ukubwa uleule. Programu yoyote yenye matabaka na maski inatosha: Photoshop, au GIMP isiyolipiwa, au Photopea inayofunguka ndani ya kivinjari.

Kisha linakuja jaribio linalofichua mengi kuliko jicho. Tabaka la toleo moja, mengine yakiwa yamefichwa, linawekwa katika hali ya `Difference`, ambayo huonyesha tofauti kati yake na Asili iliyo chini. Panapofanana huwa peusi, panapotofautiana hung'aa. Weusi kamili haupatikani, kwa kuwa zana imechora upya kila kitu, lakini sura ya mng'ao inasomeka. Kingo zote za picha zikionekana kama mistari myembamba inayong'aa, toleo limesogea kwa pikseli chache, na linahitaji kulazwa upya mahali pake kabla ya kufanyiwa chochote. Picha nzima ikiwa na kijivu kilichosambaa, tatizo ni mwanga: toleo limekuwa jeupe au jeusi zaidi. Lakini mng'ao ukijikusanya kwenye macho, pua na mdomo huku ukuta ulio nyuma ukibaki mweusi, uso umechorwa upya, na uso huo haufai kutumika hata kama unapendeza.

Jaribio hilo linafanyika mkoa kwa mkoa. Picha yetu ina mikoa sita yenye maana: nyuso, kilemba, mkono wenye kofia, ukuta wa matofali, udongo, na mguu wa mtoto. Katika toleo A, udongo umejazwa vizuri, na kivuli cha mtoto kinaelekea upande uleule wa vivuli vingine. Nyuso, hata hivyo, zimelainishwa. Toleo B limetoa mkono wenye vidole vitano vinavyoshika ukingo wa kofia kwa njia inayoaminika, ila picha nzima imekuwa na mwanga zaidi na majani yameota mahali palipokuwa na udongo mtupu. Toleo C limeunganisha mikunjo ya kilemba bila kukatika, lakini limebuni maua mapya ya kitambaa na kuongeza dirisha ukutani. Toleo D ni baya karibu kila mahali: baba amepata sura ya kijana, kofia imegeuka. Lakini ndara ya mtoto, pamoja na vidole vya mguu, imetoka sawasawa na ule mguu mwingine uliosalimika.

Fundi mwenye haraka angelifuta D kwanza. Hilo ndilo kosa ambalo kulinganisha picha nzima kwa picha nzima huzaa, kwani mguu unaofaa uko huko tu.

Kabla ya maski yoyote, mambo mawili lazima yanyooshwe: mahali na mwanga. Photoshop ina agizo la `Auto-Align Layers` ambalo hulaza matabaka yakutane. Kwa matoleo yaliyochorwa upya, agizo hilo halimalizi kazi, kwa kuwa picha haikusogea yote kwa kipimo kimoja. Mkono unaweza kuwa umeenda kulia pikseli nne na ndara imeshuka sita. Afadhali kukata kipande kinachohitajika, ukibakiza nafasi pembeni, na kukisogeza chenyewe huku hali ya `Difference` ikiwa imewashwa, mpaka kingo zinazokizunguka zizimike.

Mwanga hupimwa kwa namba, maana jicho hudanganywa na kilicho jirani. Fundi anachagua kipande cha sare ya baba ambacho kipo salama katika Asili na pia kimo ndani ya B, mahali palepale, na kusoma thamani yake kwa zana ya kupimia rangi. Tuseme Asili inasoma 142 na B inasoma 158, katika ngazi zinazoanzia 0 hadi 255. Tabaka la `Curves` lililofungwa juu ya B peke yake linaishusha mpaka namba zikaribiane. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa toleo linaweza kuwa limeongeza mwanga kwenye sehemu angavu na kuzidisha giza kwenye vivuli. Kwa hiyo anapima pia kivuli kimoja na mahali pamoja peupe. Kazi hii ikirukwa, hakuna ufundi wa brashi utakaoficha kiraka baadaye.

Sasa maski. Kila toleo linapewa maski nyeusi, maana yake halionekani kabisa. Katika Photoshop ni kubofya alama ya maski huku kitufe cha `Alt` kimebanwa, na katika GIMP ni kuchagua `Black (full transparency)` baada ya `Add Layer Mask`. Skrini inarudi kuonyesha Asili tupu, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Kwa brashi nyeupe fundi anafunua kipande baada ya kipande: mkono kutoka B, udongo kutoka A, ndara kutoka D. Amekosea, anageuza brashi kuwa nyeusi na kufunika tena. Hakuna kilichofutwa, na kila uamuzi unaweza kurudiwa kesho.

Kuanza na weusi kuna sababu. Anayeanza na toleo zuri likiwa wazi lote, kisha akafuta makosa yake, atayafuta yale tu aliyoyaona. Dirisha lililobuniwa ukutani linaweza kubaki pale hadi siku ya kuchapa. Anayeanza na Asili anapokea tu kile alichokiomba kwa makusudi.

Mpaka wa maski upite wapi? Fundi cherehani anayeunganisha vipande viwili vya kitenge huupeleka mshono mahali ambapo maua yenyewe yanauficha, na fundi wa picha hufanya vivyo hivyo. Mkono wa B haukatwi katikati ya ngozi. Mpaka unapanda kwa kufuata ukingo wa mkono, unaingia kwenye mkunjo wa sare ulio juu ya kiwiko, unatoka kupitia kivuli cha kofia. Udongo wa A unaishia pale kivuli kinapoanzia. Ukutani mpaka hufuata mstari wa saruji kati ya matofali. Mahali pabaya kuliko pote ni eneo laini lisilo na alama, kama shavu au anga, kwa sababu hapo hata tofauti ya ngazi tatu au nne za mwanga huonekana kama doa.

Upana wa mpito nao una kanuni yake. Mwaka 1983 Peter Burt na Edward Adelson walieleza njia ya kuunganisha picha kwa kuzitenganisha katika tabaka za undani: mabadiliko mapana ya mwanga huchanganywa kwa mpito mpana, na undani mdogo kwa mpito mwembamba. Anayetumia brashi anaweza kuifuata kanuni hiyo kwa mkono. Kwenye ukingo mkali wa kofia ulaini wa pikseli moja au mbili unatosha. Kwenye udongo wenye kokoto, kati ya tano na kumi. Kwenye sehemu laini, thelathini au zaidi. Anayetumia brashi moja laini kila mahali hupata kofia yenye ukungu pembeni. Anayetumia ngumu kila mahali hupata udongo unaoonekana kukatwa na wembe.

Ugonjwa unaotokea zaidi ya mwingine ni kingo mbili. Maski inapokuwa kijivu juu ya vidole, Asili inaonekana nusu na B nusu, na kwa kuwa vidole havikai mahali palepale kabisa, mkono unapata vidole vya kivuli. Dawa yake ni uamuzi: kijivu kiwe kwenye mpito tu, na kitu chenye umbo, kama kidole, jicho au herufi, kitoke katika toleo moja kwa ukamilifu wake. Kwa sababu hiyohiyo matoleo mawili yasikutane yakiwa yote nusu wazi mahali pamoja. Moja liishe kabla ya jingine kuanza, na kati yao iwepo Asili. Fundi anaweza kukagua hilo kwa kubofya picha ndogo ya maski huku amebana `Alt`. Maski yenyewe inatokea skrini nzima, na kila doa la kijivu lililosahaulika linaonekana mara moja.

Kilemba cha mama kinaonyesha mahali ambapo maski peke yake haisaidii. C imeunganisha mikunjo vizuri, lakini maua iliyoyachora hayakuwapo. Kitenge katika picha ya familia ni kumbukumbu yenye uzito: huenda kilishonwa kwa ajili ya harusi au sherehe fulani, na wapo mashangazi watakaokitambua. Maua ya kubuni hayaingii. Kwa bahati upande wa pili wa kilemba ulisalimika, kwa hiyo ua halisi linanakiliwa kutoka hapo kwa zana ya `Clone Stamp`, linazungushwa kidogo lifuate umbo la kichwa, na kutoka C kinachukuliwa kivuli cha mkunjo tu, kwa hali ya `Multiply`, kikiwa na maski ya ukanda mwembamba ulioharibika. Toleo limechangia mwanga. Umbo limetoka kwa Asili.

Nyuso hazikuguswa na mkunjo, na hapo uchambuzi unafikia jambo lenye uzito kuliko yote. Zana za kuboresha picha zina mazoea yaliyotokana na picha zilizofundishwa nazo. Juni 2020 zana iitwayo PULSE, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi pikseli chache, nayo ikarudisha uso wa mzungu. Zana za leo zimeendelea sana, na kosa la wazi namna hiyo ni adimu; lakini msukumo wa kulainisha ngozi, kuipa weupe kidogo, kunyoosha pua na kufuta alama za usoni bado unaweza kutokea, na ni hatari zaidi kwa sababu ni mdogo. Yule binti aliyesema huyu siye baba hakuhitaji kipimo chochote kuliona. Fundi ambaye hakumjua marehemu anakihitaji: aweke uso wa kila toleo juu ya Asili, abadilishe haraka kati ya kuonekana na kufichwa, na atazame kama macho, pua au mstari wa nywele vinaruka. Mahali ambapo Asili ina uso, hata wenye mikwaruzo, maski ya matoleo yote hubaki nyeusi hapo, na mikwaruzo huondolewa kwa mkono.

Na kama mkunjo ungepita juu ya jicho? Hapo matoleo manne hayana mamlaka, na hata matoleo arobaini yasingekuwa nayo, kwani yote ni makisio. Kilicho sahihi ni kutafuta picha nyingine ya mtu yuleyule, au kutumia jicho lililosalimika kama kielelezo, na kuwaomba wanafamilia waseme kabla ya kuchapa.

Vipande vyote vikiwa vimekaa, huwa bado vinajitokeza kwa sababu moja: ni visafi mno. Asili ina chembechembe za filamu na za karatasi, na vilivyozalishwa havina. Tabaka la chembechembe linafungwa juu ya kila kipande kilichofunuliwa, ukubwa wake ukilinganishwa na ukuta ulio jirani huku picha ikitazamwa kwa asilimia 100. Kuziweka juu ya picha nzima ni kosa, kwa kuwa Asili itazipata mara mbili na tofauti itabaki ileile. Ukaguzi wa mwisho ni wa aina tatu: kuigeuza picha kushoto kulia ili jicho lisahau ilichokizoea, kuipunguza hadi iwe ndogo kama stempu ili viraka vya mwanga vijitokeze, na kuongeza utofauti wa mwanga kwa muda hadi kupita kiasi ili mipaka iliyofichika ionekane.

Inabaki hoja ya idadi. Matoleo manne yalitosha kwa udongo, mkono na ndara. Kilemba hakikutatuliwa na lolote. Kuendelea kuzalisha picha nzima kwa matumaini kwamba la kumi litakuwa kamili ni kuchoma mega na muda, na katika mji ambako umeme wa SNEL hukatika kazi ikiwa katikati, gharama hiyo si ndogo. Baada ya raundi ya kwanza ni bora kukata mkoa mmoja tu wenye shida, kwa mfano kipande cha pikseli 1000 chenye mguu na udongo wake, na kukipeleka peke yake. Zana sasa inatumia uwezo wake wote kwa eneo dogo, undani unakaribia ule wa Asili, na wala hakuna uso ndani yake wa kuharibiwa. Ikiwa raundi mbili za namna hiyo hazijaleta kitu kinachofaa, brashi ya mkono itakuwa ya haraka zaidi.

Mteja akija kuchukua kazi yake, anastahili kupewa vitu viwili: picha iliyotengenezwa, na nakala ya Asili kama ilivyoskaniwa, ikiwa na mkunjo wake. Nyuma ya iliyochapwa inafaa yaandikwe maneno machache yanayosema kwamba mkono wa baba, mguu wa mtoto na udongo wa mbele vimejazwa. Faili yenye matabaka na maski zake inabaki kwa fundi. Iwapo miezi michache baadaye ndugu wa Kolwezi au Likasi atatokea na nakala nyingine ya picha ileile, isiyo na mkunjo mahali hapo, mkono wa kweli utaskaniwa, utawekwa kwenye tabaka jipya chini ya maski ileile iliyokuwa ya B, na makisio yataondoka bila kugusa sehemu nyingine yoyote ya picha.